Butembo na Beni: Mwaka mgumu hauombi radhi kwa niaba ya mtu

Katika miji ya Butembo na Beni kuna deni moja ambalo halihesabiwi kwa dola wala kwa franka. Ni deni la jibu. Mtu alipigiwa simu na rafiki yake siku mbaya, akaitazama simu ikiita hadi ikanyamaza. Kesho yake ikawa vigumu kupiga, juma lililofuata likawa gumu kuliko kesho yake, na mwisho miaka ikapita. Wengi wenye deni hilo wanajitetea kwa neno moja: mwaka ulikuwa mgumu. Neno hilo ni la kweli. Lakini halitoshi, na barua ya kuomba radhi inayojengwa juu yake inaharibika kabla ya kufika.

Sababu ni rahisi. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita zaidi ya 50 tu za barabara. Mwaka uliomwangukia huyu ulimwangukia na yule. Anayeandika kutoka Butembo kwamba alinyamaza kwa sababu ya vita na magonjwa anamwandikia mtu wa Beni ambaye alipitia vita na magonjwa yale yale, pengine zaidi yake, na ambaye siku ile alipiga simu hata hivyo.

Mwaka ulikuwa wa wote wawili

Ni vema kukumbuka mambo yalivyokuwa, kwa maana kumbukumbu hizo ndizo zinazotumiwa kama utetezi. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, baada ya ugonjwa kuonekana Mangina, upande wa Beni. Ulifika Beni mjini, kisha Butembo na Katwa. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Zaidi ya watu 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati huo huo mauaji ya raia yaliyoanza katika eneo la Beni mwaka 2014 yaliendelea, hata mwezi wa kumi na moja 2019 hasira ya wakaaji ikalipuka na ofisi ya meya wa Beni ikachomwa moto.

Hayo yote yalivunja desturi za urafiki moja kwa moja. Watu waliacha kupeana mkono. Kilio, ambacho katika nchi hii ndicho kipimo cha rafiki, kilibadilika kabisa: mwili ulichukuliwa na timu ya mazishi salama, jamaa wachache walisimama mbali, na majirani hawakulala nje ya nyumba ya marehemu kama ilivyokuwa zamani. Aliyekutana na mgonjwa aliandikwa katika orodha na kufuatwa kwa siku 21, kila siku akipimwa joto la mwili. Gari la timu likisimama mbele ya nyumba, mtaa mzima ulijua, na wateja walipotea.

Kwa hiyo kuna kimya ambacho hakina kosa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa nchini kote kwa karibu majuma matatu. Asiyejibu ujumbe siku zile hana cha kuombea radhi. Aliyekosa kufika kwenye mazishi kwa sababu timu ilizuia watu, naye vilevile. Lakini Ebola ilikataza mkono, haikukataza sauti. Simu za kawaida ziliendelea kuita. Mwenye kuandika barua anapaswa kwanza kutenga kimya alicholazimishwa na kile alichokichagua, kwa sababu barua ni ya kile cha pili tu. Akivichanganya, rafiki yake, ambaye anazijua tarehe hizo kama yeye, ataona mara moja kwamba anafichwa kitu.

Mahali ambapo Kiswahili kinamficha mtu

Barua nyingi za namna hii zinaharibika katika kitenzi. Kiswahili kina njia nyingi za kusema jambo lilitokea bila kumtaja aliyelitenda, na mtu mwenye haya huzikimbilia bila hata kujua.

Njia ya kwanza ni “tulipoteana”. Neno hilo linasikika vizuri, lina huzuni, lakini linagawa kosa katikati: mimi nilikupoteza na wewe ulinipoteza. Aliyepiga simu mara tatu hakumpoteza mtu. Aliachwa. Ndugu yake ni “tusameheane”, ambalo linafaa watu wawili waliogombana, si mmoja aliyemnyamazia mwenzake. Anayelipokea anajiuliza: mimi nilikosa nini?

Njia ya pili ni “mawasiliano yalikatika”. Kamba hukatika, njia hukatika kwa mvua. Lakini aliyeiona namba ya rafiki yake na kuigeuza simu kifudifudi juu ya meza hakukatikiwa na kitu, alikata. Herufi chache kati ya “yalikatika” na “nilikata” ndizo zinazotenganisha habari na kuomba radhi.

Njia ya tatu ni “pole”. Hili ni neno zuri, na katika Kivu watu hulitumia kwa kila taabu, kuanzia uchovu wa safari hadi kufiwa. Lakini “pole” inasema tu kwamba mwenzako ameumia. Haisemi nani alimuumiza. Hata mpita njia anaweza kuisema. Barua inayosema “pole kwa yote yaliyokupata” ni salamu za rambirambi zilizochelewa. Inayosema “unisamehe kwa kuwa sikukujibu” ndiyo barua yenyewe.

Na njia ya nne ni ile “kama”: “kama nilikukosea, unisamehe”. Anayeandika hivyo anamwomba aliyekosewa atoe ushahidi kwanza.

Robert Lewicki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha mwaka 2016 majaribio juu ya jambo hili kwa watu zaidi ya 700. Waligawa ombi la radhi katika sehemu sita: kuonyesha majuto, kueleza sababu, kukubali kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kutoa njia ya kutengeneza, na kuomba usamehewe. Sehemu iliyokuwa na nguvu kuliko zote ilikuwa kukubali kosa, ikifuatwa na kutoa njia ya kutengeneza. Iliyokuwa dhaifu kuliko zote ilikuwa ile ya kuomba msamaha. Majaribio hayo yalihusu makosa ya kazini, wala si marafiki wa miaka mingi, kwa hiyo si sheria ya kila mahali. Lakini yanaonyesha ni kwa nini barua yenye “unisamehe” mara tano na “nilikosa” mara sifuri haigusi moyo wa mtu.

Mfano wa Butembo

Ili jambo lionekane, uchukuliwe mfano uliotungwa, lakini wenye mambo ambayo wakaaji wa miji hii miwili watayatambua.

Mwanamke mmoja anauza vitenge Butembo. Rafiki yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, ni mwalimu wa shule ya msingi Beni. Walisoma sekondari pamoja, na wakati wa masomo muuzaji huyo alikula mara nyingi nyumbani kwa mama ya mwalimu. Mwisho wa 2018 mwalimu alimkopesha dola 60 za kuongeza bidhaa dukani.

Mwezi wa nne 2019, mama ya mwalimu anakufa Beni. Usiku huo mwalimu anapiga simu Butembo mara tatu. Haipokelewi. Kesho yake anaandika: “Mama ametuacha. Uko wapi?” Ujumbe unasomwa. Jibu haliji. Halijaja hadi leo.

Upande wa Butembo mambo yalikuwa hivi. Jirani wa muuzaji alikuwa amekufa kwa Ebola, naye akaandikwa katika orodha ya kufuatwa. Wateja waliliepuka duka. Hakutaka mtu wa Beni ajue, habari isije ikarudi Butembo imekuwa kubwa. Lakini kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kibaya zaidi: alipoona namba ya mwalimu, wazo lake la kwanza lilikuwa zile dola 60. Alifikiri anadaiwa. Aliposoma ujumbe asubuhi akajua ukweli, na haya ikamfunga mdomo. Siku 21 zilikwisha akiwa mzima. Hakupiga.

Sasa anataka kuandika. Barua yake ya kwanza ni kama ambavyo wengi wangeandika:

“Mpendwa rafiki, natumaini barua hii inakukuta salama kwa neema ya Mungu. Ni muda mrefu tulipoteana. Unajua mwenyewe mwaka ule ulivyokuwa, Ebola huku, vita huko, biashara ilianguka kabisa, nilipitia mambo ambayo siwezi hata kuandika. Nilikuwa ninakukumbuka kila siku. Pole sana kwa ajili ya mama. Kama nilikukosea, unisamehe, sisi wote ni binadamu. Tafadhali unijibu upesi ili moyo wangu upate amani.”

Hakuna uongo ndani yake. Lakini isomwe kwa macho ya mwalimu. Mstari mmoja tu ni wa mama yake, na yote mingine ni ya taabu za mwandishi. “Unajua mwenyewe mwaka ule” ni kweli: anaujua, alimzika mama yake ndani yake. “Nilikuwa ninakukumbuka kila siku” inaumiza kuliko kunyamaza, kwa sababu anayekumbukwa kila siku na hapigiwi simu hata siku moja anaambiwa kwamba kumbukumbu hiyo haikuwa na uzito. Simu tatu hazitajwi. Ujumbe hautajwi. Dola 60 hazitajwi, na kwa hiyo mwalimu atazifikiria yeye mwenyewe, tena kwa namna mbaya kuliko ilivyokuwa. Na mwisho wa barua, aliyefiwa anapewa kazi: ajibu upesi, ili aliyemwacha apate amani.

Barua ya pili ni hii:

“Yaya,

Mwezi wa ine 2019, usiku ule mama alipokufa, ulinipigia simu mara tatu. Niliona namba yako na sikupokea. Kesho yake uliniandikia: ‘Mama ametuacha. Uko wapi?’ Nilisoma, na sikujibu. Tangu siku ile sijakuandikia hata neno moja.

Nilikosa. Nilikuacha ulie peke yako, na mama alinilisha kwake kama mtoto wake wakati tulikuwa tunasoma.

Siku zile nilikuwa katika orodha ya watu wa kufuatwa kwa ajili ya Ebola, na niliogopa watu wajue. Lakini kuna jambo lingine. Nilipoona namba yako nilifikiri unadai zile dola 60. Nilifikiria pesa wakati wewe ulikuwa unaniita kwenye kilio. Kisha siku 21 zikaisha, nikawa mzima, na bado sikupiga. Hapo haikuwa tena Ebola. Ilikuwa haya yangu.

Unisamehe. Si lazima unijibu, na kama utajibu si lazima upesi.

Dola 60 ni zako, hata kama hutaki tena kuzungumza nami. Mwisho wa mwezi huu nitazituma kwa namba hii ninayokuandikia, usiponiambia njia nyingine. Na kama siku moja utakubali, ningependa nifike Beni, unipeleke kwenye kaburi la mama.

Mimi mdogo wako wa Butembo.”

Kazi ya kila kipande

Barua hiyo inaanza kwa “Yaya”, jina ambalo amemwita siku zote. Si jambo dogo. Wengi waliofundishwa kuandika barua shuleni huingia mara moja katika Kifaransa cha ofisi, chenye heshima na mahali pa kuandika habari inayohusika. Barua ya namna hiyo inafaa kwa mkubwa wa kazi. Kwa rafiki inasema kwamba umbali umekuwa mkubwa hadi watu wamerudi kuwa wageni. Kama wawili hao walikuwa wakiongea Kiswahili kilichochanganywa na Kinande, basi barua nayo ichanganywe hivyo, hasa mahali panapouma.

Kisha inataja mambo kama yalivyotokea: usiku gani, simu ngapi, maneno gani. Rafiki aliyenyamaziwa hakubaki tu na uchungu. Alibaki na swali. Je, simu ilikuwa imeibwa? Namba ilibadilika? Ujumbe ulionekana? Kwa miaka yote hiyo huenda alimtetea mwenzake mbele ya wengine kwa kusema labda hakuuona. “Nilisoma, na sikujibu” inauma, lakini inafunga swali hilo. Ombi la radhi lisilojibu swali linamwacha mtu pale pale alipokuwa.

Sababu inakuja baada ya kukiri, na ni fupi. Mpangilio huu una maana. Sababu ikitangulia, kila neno linalofuata linasikika kama utetezi. Ikifuata, inasikika kama habari ambayo rafiki ana haki ya kuijua. Na sababu iwe na mpaka. Orodha ya kufuatwa inaeleza siku 21. Haielezi mwezi wa pili, wala mwaka wa pili. Mwandishi anayesema mwenyewe mahali sababu yake inapoishia hahitaji kuapa kwamba anasema kweli.

Lile jambo la dola 60 ndilo gumu kuliko yote kuandika, na ndilo linaloibeba barua. Katika Butembo, mji wa biashara, na hata Beni, vimya vingi kati ya marafiki vina pesa chini yake: mkopo uliochelewa, msaada ulioombwa wakati mfuko ulikuwa mtupu, mchango wa kilio ambao haukutolewa. Watu hutaja Ebola na vita kwa sababu ni sababu kubwa na hazina aibu, na huficha ile ndogo yenye aibu. Lakini anayesoma kwa kawaida ameshaihisi. Ikikosekana katika barua, nyingine yote inapoteza uzito.

Hapa kuna hatari inayopaswa kuepukwa. Kukiri si kumwaga kila kitu. Kipimo ni hiki: jambo linaingia katika barua kama linaeleza alichotendewa msomaji. Usingizi uliopotea, machozi, maombi ya usiku, hasara ya duka, vyote hivyo ni vya kweli, lakini vinamlazimisha aliyeumizwa kumfariji aliyemuumiza. Vingoje siku ambayo watakaa pamoja, kama siku hiyo itakuja.

Kutengeneza bila kununua

Deni la pesa lilipwe, na lilipwe kwa namna ambayo haliufungi msamaha. Ndiyo maana barua inasema pesa zitakwenda hata kama mwalimu hataki tena kuzungumza. Kama zingetegemea jibu, zingekuwa bei. Tena ni dola 60, si 100. Kuongeza juu bila kuombwa kunaweza kusomwa kama kutaka kulipia kilio, na kilio hakina bei. Kama hali hairuhusu kulipa kwa mara moja, ni bora kuandika “20 kila mwezi, kuanzia mwezi huu” na kuzituma kweli, kuliko kuahidi zote na kukosa tena. Ahadi ya pili inayovunjika ni mbaya kuliko kimya cha kwanza.

Kilio chenyewe hakirudi. Lakini katika desturi za hapa mtu aliyekosa mazishi anaweza kufika baadaye, hata baada ya miaka, na wenye nyumba wakampokea na kumpeleka kaburini. Safari hiyo ni matengenezo ya kweli kwa sababu inafanana na kosa: aliyekosa kuwepo anakuja kuwepo. Hata hivyo inaombwa, hailazimishwi. Kufika Beni bila taarifa, na mfuko wa mchele mkononi na majirani wakitazama, ni kumnyima mwenzako nafasi ya kukataa. Tena barabara hii si ya kuchukuliwa kwa wepesi; mashambulizi yamefika hadi Maboya, kati ya miji hiyo miwili, na mwenyeji ndiye anayejua juma gani linafaa.

Barua ipite wapi

Swali la njia linaonekana dogo, lakini limeharibu barua nzuri. Kwanza, namba. Katika miaka kama ile watu walikimbia, simu ziliibwa au kuuzwa, namba zilibadilika. Kabla ya kutuma maneno ya siri, na zaidi kabla ya kutuma pesa, ni lazima kujua kwa mtu anayeaminika kama namba bado ni ya mwenyewe. Mtu huyo aulizwe namba tu. Asigeuzwe mjumbe wa kuomba radhi, kwa maana rafiki atapokea habari hiyo mbele ya mtu wa tatu na kulazimika kuonyesha uso mzuri.

Pili, nani mwingine anaishika simu hiyo. Katika nyumba nyingi simu moja inasomwa na mume, watoto na wadogo. Ujumbe wa sauti una uzuri wake, sauti ya mtu inatambulikana na inagusa, lakini unasikika sebuleni. Kwa jambo lenye deni na aibu ndani yake, maandishi ni salama zaidi. Pengine salama kuliko yote ni karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha, iliyopelekwa na ndugu anayesafiri. Karatasi ina faida nyingine: haina alama ya kuonyesha kwamba imesomwa. Mpokeaji anaweza kuisoma leo na kuinyamazia mwezi mzima bila mtu kumhesabia saa.

Na kupiga simu moja kwa moja? Kwa kosa dogo la majuma machache, simu ni bora kuliko barua. Kwa kimya cha mwaka, simu inamshika mtu sokoni au darasani, na inadai jibu papo hapo. Atasema “hakuna shida” ili amalize, na hakuna kitakachokuwa kimetengenezwa.

Baada ya kutuma

Wengi hawafiki hatua hii. Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha utafiti juu ya marafiki wa zamani. Hata watu waliotaka kumwandikia rafiki, waliokuwa na namba yake na waliopewa muda wa kuandika, chini ya theluthi moja tu walituma. Kilichosaidia hakikuwa kuwaelezea faida. Walipotumia kwanza dakika chache kuandikia marafiki wa sasa, ndipo waliotuma kwa rafiki wa zamani walipita nusu. Utafiti huo ulihusu marafiki waliotengana bila jeraha, na barua ya Butembo ni nzito zaidi. Lakini funzo lake linafaa: anayekwama aandike kwanza barua mbili nyepesi kwa watu wengine siku hiyo hiyo, kisha aendelee na hii kabla mkono haujapoa.

Barua ikishakwenda, haifuatwi na nyingine. Kuuliza baada ya siku tatu kama imefika ni kuanza kudai. Njia ya kujua kama barua ilikuwa ya kweli ni kuangalia kile mwandishi anachofanya jibu lisipokuja. Akikasirika na kusema “nimejishusha na bado ananinyamazia”, basi alikuwa ameandika ili alipwe. Rafiki aliyenyamaziwa kwa miaka ana haki ya kunyamaza kidogo. Pesa zitumwe siku iliyoahidiwa, bila maneno ya kukumbusha, na mambo yaachwe hapo.

Jibu linaweza pia kuja na hasira: yote ambayo mwalimu hakupata nafasi ya kuyasema tangu 2019. Hiyo si dalili mbaya. Anayejibu hivyo bado anaona kuna mtu wa kuambiwa. Kosa ni kurudi kwenye utetezi, “lakini na mimi nilikuwa katika orodha”. Jambo hilo lilishasemwa mara moja, na mara moja inatosha. Kinachofaa ni kusikiliza hadi mwisho na kujibu yale tu aliyouliza.

Kuna pia barua isiyopaswa kutumwa. Mtu akiwa ndani ya taabu mpya, akihitaji mkopo, kazi au mahali pa kufikia kwa sababu vita vimemkimbiza, na akakumbuka ghafla rafiki aliyemnyamazia, asichanganye mawili. Aombe msaada kwa uwazi kama msaada, na radhi aiombe siku nyingine. Tangu vita vilipopanda kuelekea Lubero mwaka 2024, wengi walijikuta wakitafuta namba za zamani. Mwenye kupokea ombi la radhi na ombi la nyumba katika karatasi moja hawezi kujua lipi limeleta lingine.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa aliyenyamaza, methali hiyo ni hukumu, na barua haiwezi kuifuta. Hawezi tena kuwa mtu aliyefaa mwezi wa nne 2019. Anachoweza ni kumwambia mwenzake kwa maneno yaliyo wazi kwamba simu ziliita, kwamba alizisikia, na kwamba aliyepiga hakuwa na kosa lolote. Hilo ni jambo ambalo mwalimu wa Beni hawezi kulijua kwa njia nyingine, na hakuna mtu mwingine anayeweza kumwandikia.